Dakika kumi na tano ambazo hakuna kinachotokea: namna ya kuandika skripti ya usiku wa muuguzi

Wenzangu wauguzi na wakunga, walimu wetu, wadogo zangu mnaosomea kazi hii, na ninyi vijana wa kamera mliokuja kutusikiliza: mwadila, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie skripti ya video inayoonyesha usiku mmoja wa muuguzi, yenye sauti ya simulizi juu ya picha na zile nyakati ambazo hazikupangwa. Nitaisema ile ninayoifahamu, ya wodi ya watoto hapa Mwanza, na nitasoma vipande vyake mbele yenu ili tuvijadili.

Video za aina hii mmeziona nyingi. Muuguzi anaamka saa kumi jioni, anapiga pasi sare, anapanda daladala, anapita korido ndefu, anapiga picha na wenzake, anakunywa chai, jua linachomoza, anarudi nyumbani amechoka. Ni video nzuri kuangalia. Lakini kati ya korido na chai kuna saa 12, na ndani ya saa hizo kazi yenyewe haionekani. Mtazamaji anaondoka akijua kwamba tunachoka. Hajui tunachoshwa na nini.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja. Sehemu kubwa ya kazi ya usiku ni kukaa macho ukilinda jambo lisitokee, na likikosa kutokea hakuna mtu anayeliona. Kwa hiyo mwandishi wa skripti huliruka. Anatafuta kukimbia, kelele, mashine inayolia. Mimi nasema skripti ijengwe juu ya kile kipande ambacho kwenye picha kinaonekana kama mtu amesimama tu.

Kipande nilichokichagua ni kuongezewa damu kwa mtoto mwenye malaria kali. Nimekichagua kwa sababu ukanda wetu huu wa ziwa unaijua malaria, na kwa sababu muuguzi wa watoto wa Sengerema, Ukerewe, Magu au hapa mjini hahitaji kuelezwa mtoto huyo anafananaje. Viganja vyake vyeupe, anapumua kwa haraka, kichwa kimelala begani kwa mama yake.

Mtoto wa kwenye skripti hayupo. Nimemtunga. Nimempa uzito wa kilo 10 ili hesabu zake zifuatike kwa urahisi, na nimempa historia ambayo si ya mtoto yeyote niliyemhudumia. Hilo nitalirudia kwa sababu ni msingi wa kila kitu kingine kwenye skripti hii: hakuna mgonjwa wa kweli anayeonekana, anayesikika wala anayeweza kutambuliwa.

Najua wapo watakaoniuliza, je, mama akikubali? Fikirini mama huyo yuko katika hali gani. Ni saa sita usiku, mtoto wake amepoteza fahamu mara moja tangu magharibi, na anayemuomba ruhusa ya kupiga picha ndiye huyohuyo aliyeshika sindano. Atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa chochote utakachomwomba, kwa kuwa anaogopa akikataa utamhudumia mtoto kwa moyo mwingine. Ndiyo ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa ruhusa. Na sheria nayo iko wazi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Jina kwenye kadi lililoonekana nusu sekunde nyuma ya bega lako ni taarifa. Namba ya faili ni taarifa. Hata khanga ya mama yenye maandishi, mtaani kwao watu wataitambua.

Basi tunapiga picha gani? Skripti yangu ina sehemu mbili. Ya kwanza inapigwa hospitalini, kwa kibali cha maandishi cha uongozi, na inamhusu muuguzi peke yake mahali ambapo hakuna wagonjwa: chumba cha kubadilishia sare, sinki la kunawia mikono, meza ya chai, ngazi, dirisha la upande wa ziwa. Ya pili, yenye mkono, mpira wa dripu na mfuko wa damu, inapigwa mchana kwenye chumba cha mafunzo ya vitendo, kwa kutumia mkono wa plastiki na maji yaliyotiwa rangi. Na mwanzoni mwa video tunaandika kwa herufi zinazosomeka kwamba sehemu za tiba zimeigizwa. Kamera haiingii wodini wakati wa kazi hata kama imeshikwa na mtu mwingine, kwa sababu muuguzi anayejua kuwa anapigwa picha anaugawa uangalifu wake, na nusu ile iliyokwenda kwenye kamera ndiyo ingesikia mtoto akibadilisha namna ya kupumua.

Sasa niwape usiku wenyewe, halafu tuone skripti inauchukua vipi.

Mtoto analetwa saa mbili na nusu usiku kutoka kituo cha afya. Njiani amepata degedege. Kipimo cha haraka cha malaria kimesoma chanya. Muuguzi anachukua tone la damu kwenye kidole na kupima sukari: 1.9. Kwa mtoto kama huyu, chini ya 2.2 ni hatari ya papo hapo, na degedege linaweza kuwa linatokana na sukari hiyo kushuka, si malaria ya kichwani peke yake. Anapewa maji ya sukari ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, yaani mililita 50, taratibu kwenye mshipa. Mara nyingi ya asilimia 10 haipo mkononi, iliyopo ni ile nzito ya asilimia 50. Hapo muuguzi anachanganya mwenyewe: mililita 10 za ile nzito, mililita 40 za maji safi ya sindano. Baada ya nusu saa anapima tena, kwa sababu kwa malaria kali sukari ina tabia ya kupanda ikashuka upya.

Saa tatu kamili anapewa atesuneti, dawa ya malaria kali ya kuchoma. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo wetu anapata miligramu 30. Kichupa cha miligramu 60 kinakuja na kichupa kidogo cha bikaboneti, mililita 1. Unachanganya, unatikisa mpaka iwe angavu kabisa. Ikibaki na ukungu huitumii. Kisha unaongeza mililita 5 za maji ya dripu, na sasa kila mililita ina miligramu 10. Unavuta mililita 3. Unasukuma polepole. Dawa ikishachanganywa haiwekwi kusubiri mgonjwa mwingine wa baadaye. Ina saa moja tu.

Kumbukeni hiyo saa tatu. Dozi ya pili ni baada ya saa 12.

Majibu ya maabara yanarudi: wingi wa damu ni gramu 3.8. Chini ya 4 mtoto huyu anahitaji damu hata kama ametulia. Sampuli ya kundi na ya kulinganisha damu imeshapelekwa. Kuanzia hapo ni kusubiri, na katika kusubiri huko muuguzi anapima mapigo, anapima sukari, anaangalia kanyula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, haijaziba, anapokea watoto wengine wawili, anapiga simu maabara, anapiga tena.

Sehemu yote hii, tangu kupokelewa mpaka simu ya maabara, kwenye skripti yangu inachukua dakika mbili tu. Vijana wa kamera hushangaa, maana ndiyo yenye matukio. Lakini mtazamaji anaielewa haraka: mtoto mgonjwa, dawa, haraka. Asichokielewa ni kinachofuata.

Damu inafika saa sita usiku. Hapa skripti inapunguza mwendo. Nawasomea.

Picha: meza, taa moja. Mikono miwili ya muuguzi wa kwanza imeshika mfuko. Mikono ya muuguzi wa pili imeshika fomu. Nyuso hazionekani.

Sauti za chumbani, bila simulizi: muuguzi mmoja anasoma jina, namba ya faili, kundi la damu, namba ya mfuko, tarehe ya kuisha. Mwenzake anarudia kila kimoja kwa sauti. Wanasogea kitandani. Wanamuuliza mama: "Mama, mtoto wako anaitwa nani?" Mama anajibu. Wanalinganisha na mfuko mara ya pili.

Majina na namba zote ni za kutunga. Na nawaomba msiweke muziki hapo, wala msikate. Kusoma huko kunachukua kama dakika moja, na mhariri atakuambia kunachosha. Mwambie ni kwa makusudi. Damu ya kundi lisilo lake inaweza kumdhuru mtoto vibaya kwa mililita chache tu za mwanzo, na kinachozuia hilo usiku huo ni watu wawili waliochoka wanaosomeana kwa sauti maandishi ambayo kila mmoja wao anaweza kuyasoma kimya. Usingizi unasoma kimya ukaruka mstari. Sauti ya mwenzako hairuki.

Hapo pia mama anauliza swali ambalo nimelisikia kwa namna nyingi: "Sista, hii damu ni ya nani?" Nimeliweka kwenye skripti kwa sababu watazamaji nao wanalo. Muuguzi anamjibu kwamba hamjui aliyeitoa, na aliyeitoa hamjui mtoto huyu. Alichangia tu, ikapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, ndipo ikaruhusiwa. Jibu liishie hapo. Usimfanye muuguzi atoe somo la uchangiaji damu saa sita usiku, hakuna anayezungumza hivyo kitandani.

Kabla ya kufungua mpira, muuguzi anachukua vipimo vya kuanzia na kuviandika kwenye chati: joto 38.2, mapigo, upumuaji. Hilo joto la kuanzia litakuja kuwa na kazi.

Kisha hesabu. Mtoto wa kilo 10 anapewa damu kamili mililita 20 kwa kilo, yaani mililita 200, kwa saa 3 hadi 4. Ingekuwa chembe nyekundu zilizotengwa, zingekuwa mililita 100. Chukueni mililita 200 kwa saa 4. Kwenye pakiti ya mpira wa damu imeandikwa ni matone mangapi yanatimiza mililita moja. Nyingi ni 20, zipo za 15, kwa hiyo unasoma pakiti, hukariri. Kwa ya 20, mtoto huyu atapokea matone 4000 ndani ya dakika 240. Ni matone kama 17 kwa dakika. Robo saa ya kwanza tunaanza taratibu kuliko hapo, halafu tunapandisha.

Hospitali yenye mashine ya kupima matone, mashine itafanya. Mahali ambapo mashine hazitoshi, kinachofanya kazi hiyo ni jicho, kidole gumba kwenye kigurudumu cha mpira, na saa yenye mshale wa sekunde.

Picha: kikombe kidogo cha plastiki cha mpira wa damu, karibu sana, kimejaa fremu. Tone linajikusanya, linaanguka. Pembeni, saa ya mkononi.

Sauti ya simulizi: "Ninahesabu. Mama ananiangalia. Anadhani sifanyi kitu."

Kimya. Tone. Tone. Tone.

Sauti ya simulizi: "Ananiambia, sista, mbona inadondoka polepole hivyo, hebu iongeze. Namwambia, mama, moyo wake umezoea damu kidogo. Nikiimwaga yote kwa pupa, utashindwa kuisukuma."

Hayo maneno ya mama si ya kutafuta mvuto. Ndiyo tatizo lenyewe. Ndugu anaona mtoto hana damu, anaona damu ipo juu inaning'inia, na anaona inaingia tone moja moja. Yupo bibi ambaye, kwa mapenzi tupu, atanyoosha mkono na kufungua kigurudumu muuguzi akigeuka. Ndiyo maana muuguzi anaeleza kwa maneno mepesi kabla hajaondoka kitandani, na ndiyo maana anahesabu upya kila akipita. Zaidi ya hapo, kanyula ikiwa karibu na kifundo cha mkono, mtoto akikunja mkono matone yanasimama, akinyoosha yanakimbia. Uliyoyapanga saa sita hayapo tena saa sita na nusu.

Sasa tumefika kwenye zile dakika 15.

Madhara mazito ya damu, hasa ya kundi lisilolingana, kwa kawaida hujitokeza mapema. Kwa hiyo robo saa ya kwanza muuguzi haondoki kitandani. Hakai mezani akitupa macho, anasimama pale. Anaangalia kama mtoto anaanza kutetemeka, kama ngozi inatoa vipele, kama pua zinatanuka katika kupumua, kama mkojo unabadilika ukawa mwekundu mweusi. Mtu mzima angesema mgongo unamuuma. Mtoto wa kilo 10 hasemi, kilio chake ndicho kinachobadilika, na anayejua kilibadilika ni yule aliyekisikia kabla.

Dakika 15 zikiisha anapima tena. Joto 38.4. Hapa ndipo lile joto la kuanzia linafanya kazi: kutoka 38.2 ni sehemu mbili za kumi tu, ni homa yake ya malaria. Lingefika 39.3, lingekuwa limepanda zaidi ya nyuzi moja tangu damu ianze, na hilo halivumiliwi. Hapo unafunga damu mara moja, kanyula unaiacha mahali pake, unabadilisha mpira wote unaweka mpya wenye maji ya chumvi, unamwita daktari, unasoma tena jina na namba ya mfuko, na mfuko pamoja na mpira wake unarudi maabara. Asiyeandika joto la kuanzia hawezi kuitofautisha homa ya malaria na homa ya damu. Atasimamisha damu ambayo mtoto alikuwa anaihitaji, au ataiacha inayomdhuru iendelee.

Kwenye skripti yangu halipandi. Nimeandika usiku ambao kila kitu kilikwenda sawa, na nimebishana na watu juu ya hilo. Wanasema bila madhara hakuna hadithi. Mimi naona mtazamaji akishaambiwa muuguzi anatafuta nini, dakika ile ya picha ya tone na saa anaikaa naye kitandani. Anasubiri pamoja naye. Ukimpa tetemeko la kuigiza, umempa mkasa, na kesho mama mwingine atakataa damu kwa ajili ya mkasa ule wa kwenye simu.

Kwa video ya dakika nane, zile dakika 15 za kitandani nazipa dakika mbili na nusu bila kuzificha. Simulizi humo ni maneno machache. Kwa mwendo wa kutulia, dakika moja ya Kiswahili hubeba maneno kama 100, na mimi humo natumia chini ya 80 kwa dakika zote mbili na nusu. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa waandishi: kuyaondoa maneno mazuri. Kama picha inaonyesha tone, simulizi isiseme "tone linadondoka". Iseme kile ambacho jicho haliwezi kuona, yaani muuguzi anasikiliza nini na anaogopa nini.

Niseme kidogo kuhusu namna ya kuyapata maneno ya simulizi, maana hapa video nyingi zinaharibika. Mtu anaandika simulizi wiki moja baadaye, amelala vizuri, na maneno yanatoka yamevaa suti: "usiku ule nilijifunza thamani ya uhai". Nawashauri asubuhi ile ya kutoka zamu, kabla ya kulala, ujirekodi kwenye simu dakika chache ukijibu maswali matatu: usiku huu nilisubiri nini, niliogopa lini, nani aliniambia nini. Usitaje jina la mgonjwa hata kwenye rekodi yako mwenyewe, simu hupotea. Halafu lala. Ukiamka, andika kutoka kwenye rekodi ile, na uyaache maneno yake yasiyonyooka. "Nilikuwa naomba tu maabara wapokee simu." Sentensi ya namna hiyo hakuna anayeibuni akiwa amekaa na kalamu.

Na zile nyakati zisizopangwa? Ninazoziamini ni zile za muuguzi peke yake, na hazihitaji kutafutwa. Ipo moja ya lazima, ni ile ya kuanzia saa tisa hadi kumi na moja alfajiri. Saa hizo joto la mwili linashuka lenyewe, akili inakuwa nzito, hata kwa yule aliyelala mchana kutwa. Ndiyo saa damu yetu inakaribia kuisha, kwa sababu haitakiwi kuzidi saa 4 ikining'inia. Ikizidi, imeshapata joto la chumba muda mrefu na vijidudu vinaweza kuota. Kwa hiyo umakini unahitajika tena saa ileile mwili unapokataa. Picha yangu ya hapo ni muuguzi kwenye sinki, anajimwagia maji usoni, anafuta kwa karatasi, anaangalia saa, anarudi. Kamera imewekwa juu ya kabati, imeachwa inarekodi, hakuna mtu nyuma yake. Kama akipiga miayo, ipigwe. Kama akikaa sekunde kumi amefumba macho akiwa amesimama, ziachwe zote kumi.

Na nyingine ni ya chakula. Wengi wetu tunakuja na kontena la viazi vitamu au wali na dagaa, na linafunguliwa saa kumi likiwa limepoa. Usipange meza, usifute makombo. Mpige muuguzi akila kwa haraka huku sikio liko wodini. Mtaliona kichwani mwake, kinageuka kila baada ya muda mfupi kuelekea mlangoni.

Dirisha la ziwa nalo ninalipenda, na hapa nawapa vijana wa kamera jambo ambalo litawaokolea safari. Kutoka kwenye vilima vya mji huu usiku mnaweza kuona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini kama mtaa mwingine. Ni picha nzuri kwa simulizi, kwani na wale wanakesha wakilinda taa. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa za kuwavutia hazifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika. Mkija kupiga picha mwezi ukiwa katikati ya anga, mtakuta ziwa tupu. Angalieni mwezi kwanza, ndipo muombe kibali cha tarehe.

Damu inaisha saa kumi na dakika chache. Muuguzi anasikiliza kifua cha mtoto na kuhesabu upumuaji, kwa sababu hata damu iliyokwenda kwa mwendo mzuri inaweza kumzidia mtoto dhaifu. Dalili zake ni kupumua kwa kasi zaidi kuliko mwanzo, mlio wa mapovu sehemu ya chini ya mapafu, ini kuvimba likashikika chini ya mbavu, na mtoto kukosa utulivu. Kwa wetu, upumuaji umepungua. Anaomba ziwa la mama kabla ya alfajiri. Hilo nimeliweka kwenye simulizi kwa sentensi moja, bila picha na bila muziki: "Saa kumi na moja alinyonya." Mama yeyote atakayeitazama video hiyo atajua maana yake.

Kinachobakia ni kukabidhiana zamu, na hapa ndipo ninapoifunga video, si kwenye jua wala kwenye daladala ya kurudi Buzuruga. Kwa sababu kazi ya usiku ina kipande ambacho hakimaliziki usiku. Mnakumbuka atesuneti ilitolewa saa tatu usiku. Dozi ya pili ni saa tatu asubuhi, na aliyeianza saa hiyo atakuwa njiani kwenda kulala. Isiposemwa wazi kwenye makabidhiano, inaweza kuchelewa mpaka madaktari wamalize mzunguko, na hapo si saa 12 tena. Pia wingi wa damu unatakiwa kurudiwa kupimwa, na sukari iendelee kuangaliwa.

Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa skripti unasomeka hivi.

Picha: meza ya wauguzi, mchana umeshaingia. Chati mbili zilizoandikwa majina ya kutunga. Mikono ya zamu mbili, moja ina kalamu, nyingine inafuata mistari kwa kidole.

Sauti za chumbani, muuguzi wa usiku: "Kitanda cha nne. Kilo 10. Malaria kali, upungufu wa damu. Amepata damu mililita 200, imeanza saa sita na dakika kumi, imeisha saa kumi na dakika tano, hakuna mabadiliko. Sukari ya mwisho 5.1, saa kumi na moja. Ananyonya. Atesuneti ya kwanza saa tatu usiku. Ya pili ni yako, saa tatu."

Muuguzi wa asubuhi: "Saa tatu. Miligramu 30."

Muuguzi wa usiku: "Miligramu 30. Wingi wa damu urudiwe leo."

Picha: kalamu ya muuguzi wa asubuhi inaandika saa kwenye chati.

Nakala za skripti nzima ziko pale mlangoni, pamoja na mfano wa barua ya kuomba kibali cha uongozi. Wenzangu wa wodi ya watoto, ningependa mnisahihishe hasa ule ukurasa wa kuhesabu matone, kama kwenu mnatumia mpira tofauti. Na ninyi wa kamera, niambieni kile kikombe cha matone mtakipataje kwa ukaribu ule bila taa kuakisi kwenye plastiki, kwa maana mimi hapo nimeandika tu ninachotaka kionekane. Karibuni.